Mhandisi Akinyamaza, Deni Halinyamazi

Muhula uliopita, katika zoezi la usuluhishi la darasa letu, nilisimama upande wa mdai tukashindwa. Kushindwa si hoja. Hoja ni sentensi moja ya wasuluhishi wetu, ambayo tangu siku ile wenzangu wanairudia kama aya: hati ya malipo haikutolewa, kwa hiyo hakuna deni. Nasema sentensi hiyo si sahihi, na ingekuwa sahihi, hakuna mkandarasi mwenye akili ambaye angechimba msingi hata mmoja.

Mgogoro wenyewe ulitungwa, lakini ulipewa makao tunayoyajua: mabohari ya nafaka huko Sikuda, wilaya ya Busia upande wa Uganda. Mkataba ulifuata kitabu chekundu cha FIDIC cha mwaka 1999. Tarehe 4 Machi mkandarasi alimkabidhi mhandisi taarifa ya kazi ya mwezi pamoja na vipimo vyake. Baada ya makato yote ya kawaida, alidai shilingi milioni 150 za Uganda. Mhandisi akanyamaza. Tarehe 10 Aprili aliandika barua ya mistari miwili: sakafu ya bohari moja ina nyufa, naye anasubiri neno la mwenye mradi.

Hebu tuusome mkataba badala ya kuusikia kwa watu. Kifungu cha 14.6 kinampa mhandisi siku 28 tangu apokee taarifa ili atoe hati. Siku hizo ziliisha tarehe 1 Aprili. Kifungu hicho hicho kinamruhusu kuzuia gharama ya kurekebisha kazi mbovu mpaka irekebishwe, lakini hakimruhusu kuzuia hati nzima kwa kisingizio chochote kinachomjia. Kurekebisha nyufa zile kulikadiriwa kugharimu milioni 12, na upande wa mdaiwa haukubisha. Basi azuie milioni 12. Zile 138 nyingine zina ufa gani?

Mdaiwa alijibu kwamba mwenye mradi hulipa kilichothibitishwa tu. Ni kweli, kifungu cha 14.7 kinasema hivyo. Lakini kinahesabu siku 56 za kulipa tangu mhandisi apokee taarifa, si tangu atoe hati. Siku ya mwisho ilikuwa tarehe 29 Aprili. Halafu fungua 14.8, kifungu ambacho naamini nusu ya darasa hawakukifikia: malipo yakichelewa, riba huanza kuhesabiwa siku hiyo ya mwisho hata kama hati imetolewa lini. Waandishi wa mkataba walijua kuna wahandisi watakaokalia hati, wakaizuia hila hiyo mapema. Mtu hawezi kutoza riba juu ya deni lisilokuwapo.

Mpinzani wangu, msemaji hodari kuniliko (nakiri), alisema kwamba katika toleo la 1999 mhandisi anahesabiwa kuwa anatenda kwa niaba ya mwenye mradi, si mwamuzi wa katikati kama zamani. Wasuluhishi wakatikisa kichwa kukubali. Mimi nilidhani amenisaidia! Kama mhandisi ni mkono wa mwenye mradi, basi kimya chake ni kimya cha mwenye mradi, na hakuna anayeruhusiwa kuvunja mkataba kisha akajikinga kwa uvunjaji wake mwenyewe.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1913, katika shauri la Hickman dhidi ya Roberts, msanifu majengo alichelewesha hati kwa kuwafuata wenye jengo waliomwagiza. Baraza la Malordi la Uingereza liliamua kwamba alikuwa amepoteza uhuru wake, na kwamba kukosekana kwa hati hakungeweza kumzuia mjenzi kudai haki yake. Uamuzi huo haufungi usuluhishi unaokaa Uganda, lakini sheria yetu ya mikataba imetoka kwenye shina hilo hilo. Barua ya tarehe 10 Aprili, ile ya "nasubiri neno", ni Hickman mtupu.

Wapo waliouliza: bila hati, kiasi kitajulikanaje? Swali zuri. Kifungu cha 20.6 kinawapa wasuluhishi uwezo wa kufungua na kurekebisha hati au uamuzi wowote wa mhandisi. Vipimo vilikuwa mezani, vimesainiwa na fundi wa pande zote mbili. Kazi yao ilikuwa kuhesabu.

Kosa letu lilikuwapo, na mhadhiri alilisema wazi. Tulidai milioni 150 zote, tukajitia katika ubishi wa sakafu kwa saa nzima, na muda wetu ukaisha kabla sijafika 14.8. Tungeziacha milioni 12 mlangoni, tungeingia na 138 na tarehe 29 Aprili peke yake.

Mwezi ujao tunabadilishana pande, nami nitamtetea mdaiwa. Nimeshaiondoa sentensi ile kwenye karatasi yangu ya hoja.