Ngoja Kwanza Kabla ya Kuchua

Wiki ya kufungua chuo, hosteli zetu za Dar hunuka dawa ya kuchua. Mtu katoka Bukoba kwa basi, kigimbi kimevimba, anaambiwa, "Umevuta msuli tu, lete nikuchue." Mimi nasema ngoja kwanza.

Miguu yote miwili ikivimba kidogo kwa kukaa, kwa kawaida hupungua ukilala. Kinachonitia wasiwasi ni mguu mmoja. Msuli uliovutika una saa yake: uliruka ngazi ya basi, palepale ukasikia maumivu. Damu ikiganda ndani ya mshipa hukumbuki tukio. Maumivu huja polepole, pengine siku au hata wiki kadhaa baada ya safari.

Mwenzangu wa chumba alianza kuumwa siku ya tatu, na hakuwa amejiumiza popote. Tukaazima futi ya fundi cherehani, tukapima kigimbi sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti. Mguu mmoja 38, mwingine 34. Tofauti ikizidi 3, madaktari huihesabu. Halafu alikuwa anatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, ambavyo huongeza hatari. Altrasaundi ikaonyesha donge, akaanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda.

Futi haimalizi ubishi, maana donge jingine halivimbishi mguu. Ila kuchua kunaweza kulisukuma hadi kwenye mapafu. Pumzi zikianza kukata au kifua kikichoma, usisubiri kukuche. Nenda hospitali usiku huohuo.