Tusiwafundishe Watoto kwamba Atomi Huziba Njia ya Umeme

Katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja aliulizwa swali na mtoto wa darasa la sita: kwa nini waya wa metali hupitisha umeme kwa shida zaidi ukipata moto? Alijibu kwamba elektroni hugongana na atomi za waya, na zikipata joto hugongana zaidi. Mtoto akauliza tena: “Je, waya ukipozwa sana, atomi si bado zipo? Mbona ukinzani hupungua?” Mwanachuo akanyamaza. Sikumlaumu, kwa kuwa jibu lake ndilo lililomo vichwani mwa wengi wetu. Ni maoni yangu, hata hivyo, kwamba jibu hilo lina kosa katika mzizi wake, na kwamba yafaa liachwe kabisa.

Kosa ni kudhani kuwa atomi zenyewe ndizo kizuizi. Katika metali safi atomi zimejipanga kwa safu zilizo sawa, na elektroni, ambayo ndani ya metali husafiri kama wimbi, hupita katika safu hizo bila kupotoshwa. Kinachoitawanya ni kuvurugika kwa mpango. Mvurugiko huo ni wa namna mbili. Wa kwanza hutokana na joto: atomi hutikisika mahali pake, na kadiri jotoridi linavyopanda ndivyo mtikisiko unavyozidi. Wa pili hutokana na atomi ngeni zilizochanganyika na metali, au kasoro katika safu zenyewe. Huu wa pili haujali joto wala baridi. Upo siku zote.

Darasani jambo hili laweza kuonyeshwa mstarini asubuhi. Wapangeni watoto safu nne zilizonyooka, kisha mmoja apite katikati yao. Wakisimama wima, atapita bila kuguswa. Wakianza kuyumba huku na huku, atagongwa mara kwa mara. Wakiyumba zaidi, atagongwa zaidi. Sasa wekeni dawati moja katikati ya njia na kuwaamuru watoto watulie kabisa. Kuyumba kumekwisha, lakini dawati lingali pale, na mpitaji atajikwaa. Mfano huu una mpaka wake, maana elektroni si mtoto mdogo anayekimbia. Lakini unaweka sababu mbili mahali pake, jambo ambalo jibu la yule mwanachuo halikufanya.

Kwa sababu ya kwanza, tumieni balbu ya waya, ile ambayo wafugaji bado huitumia kuwapashia vifaranga joto. Tuchukue iliyoandikwa wati 60, volti 240. Mwalimu aipime ikiwa baridi, imeondolewa kabisa katika umeme, kwa mita ya kupimia ukinzani. Atapata omu 70 hivi. Kisha wanafunzi wakokotoe ukinzani wake inapowaka, kwa kutumia maandishi yaliyo juu yake: 240 mara 240, gawanya kwa 60, jibu ni omu 960. Waya ni ule ule na elektroni zake hazikupungua, lakini ukinzani umeongezeka karibu mara 14, kwa kuwa atomi za tangsteni zinatikisika kwa nguvu katika jotoridi linalozidi nyuzi 2,000.

Hapa wanafunzi wengi hukosea. Huchukua zile omu 70 na kukokotoa nguvu ya balbu, wakapata wati 823, kisha husema mita ni mbovu. Mita si mbovu. Kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, balbu inapowashwa, mkondo hukaribia ampea 3.4 badala ya 0.25, na ndiyo maana balbu kuukuu aghalabu hukatika wakati ule ule wa kuwashwa.

Sababu ya pili haionekani kwa balbu, na ndiyo inayosahauliwa. Sisi wa kandokando ya ziwa tunao mfano mzuri zaidi: dhahabu. Huchimbwa Geita, ng’ambo ya ghuba, na tangu mwaka 2021 hapa Mwanza pana kiwanda cha kuisafisha. Fikirieni vipande viwili vya waya wa dhahabu, vyenye urefu na unene mmoja. Katika cha kwanza, kwa kila atomi 1,000 kuna 1 ya shaba. Katika cha pili, kuna 1 kwa kila 10,000. Tuseme waya kama huo wa dhahabu safi kabisa, katika nyuzi 20, una ukinzani wa sehemu 1,000. Shaba huongeza takriban sehemu 20 katika kipande cha kwanza, na 2 katika cha pili. Kwa hiyo tutapima 1,020 na 1,002. Tofauti ni ndogo mno: chumba kikipata joto la nyuzi 6 zaidi, kama kati ya asubuhi na adhuhuri, joto peke yake huongeza sehemu 20 nyingine. Mtikisiko wa atomi umeuficha uchafu.

Sasa vipande hivyo viwekwe ndani ya heliamu iliyo kimiminika, katika nyuzi 269 chini ya sifuri. Mtikisiko wa joto umefifia hata hauathiri tena kipimo. Zile sehemu 1,000 zimetoweka, zimebaki 20 na 2, yaani kimoja kina ukinzani mara kumi ya chenzake. Tukizidi kupoza, tarakimu hizo karibu hazibadiliki. Huo ndio unyoofu wa mchoro mahali pa baridi kali: joto limeondoka, dawati limebaki. Ndiyo sababu wataalamu hulinganisha ukinzani wa joto la chumbani na ule wa baridi kali ili kujua usafi wa metali.

Kanuni kwamba sehemu hizi mbili hujumlishwa ilitokana na kazi ya Matthiessen juu ya aloi katika miaka ya 1860. Ni kanuni ya makadirio, nayo ina mipaka. Kamerlingh Onnes, aliyefaulu kuifanya heliamu kuwa kimiminika huko Leiden mwaka 1908, aliona ukinzani wa baadhi ya metali ukikoma kupungua, akautilia uchafu shaka. Akageukia zebaki kwa kuwa husafishika vizuri. Lakini mwaka 1911 ukinzani wake ukatoweka ghafula kabisa, jambo ambalo mtikisiko na uchafu peke yake haviwezi kulieleza. Vilevile chembe chache za chuma ndani ya dhahabu huufanya ukinzani upande tena kidogo katika baridi kali, na maelezo yake yalitolewa na Kondo mwaka 1964.

Mtoto wa darasa la sita hahitaji habari za Kondo. Lakini akiuliza swali lile la yule mtoto, anastahili jibu hili: atomi zipo, naam, ila zimetulia katika safu zake, na zikitulia hazizuii. Akiuliza tena kwa nini ukinzani haukuisha kabisa, mwonyesheni dawati.