Maoni Yetu: Ujumbe wa hatari si lazima uwe na tusi

Katika makundi ya WhatsApp ya Mbulu na Hanang, ujumbe unaoweza kumwaga damu unaweza usiwe na tusi hata moja. Mitambo ya kampuni za mitandao inawinda maneno mabaya. Sheria yetu nayo imeweka adhabu kubwa zaidi kwenye uongo kuliko kwenye chuki. Katikati ya hayo mawili kuna njia pana, na ndimo wachochezi wanamopita.

Tuchukue mfano wa kutunga, ambao mfugaji yeyote kuanzia Katesh hadi Haydom ataufahamu. Alfajiri boma moja linakuta ng'ombe 14 hawapo. Kundi la kijiji linaamka. Ujumbe wa kwanza unasema: "Ng'ombe 14 wameibwa usiku, nyayo zinaelekea kusini, mwenye taarifa apige simu." Wa pili unakuja na hasira: "Polisi wetu ni bure kabisa, tumepiga simu tangu saa kumi usiku, mkuu wa wilaya anasubiri nini?" Wa tatu unalitaja kabila jirani na kusema hao ni wezi tangu enzi za babu zao. Wa nne ni wa sauti, kwa lugha ya nyumbani, na msemaji ametulia: "Kesho ni mnada. Watakuja, kama kawaida yao. Vijana mnajua la kufanya."

Ujumbe wa kwanza hauna neno. Wa pili ni mkali, na wapo wakubwa watakaotaka uondolewe. Sisi tunasema ubaki. Mwananchi aliyeibiwa ana haki ya kuwasema walinzi wake kwa ukali wowote anaotaka, na Ibara ya 18 ya Katiba haikusema uhuru wa kutoa maoni ni kwa wenye maneno laini tu. Wa tatu ni uchafu. Unambebesha mtoto wa shule hatia ya mtu asiyemjua kwa sababu tu ya kabila lake. Admini aufute na amkanye aliyeuandika mbele ya kundi lote, lakini kama umesimama peke yake hatuoni sababu ya kumpeleka mtu gerezani. Wa nne hauna tusi, hautaji kabila wala silaha. Huo ndio wa kukimbilia simu.

Tofauti yake inapimika. Mpango wa Utekelezaji wa Rabat, ambao Umoja wa Mataifa uliukamilisha mwaka 2012 baada ya mikutano ya wataalamu iliyojumuisha mmoja wa Nairobi, unataka mambo sita yaangaliwe kabla maneno hayajaitwa uchochezi wa kuadhibiwa: hali iliyopo, nani anasema, nia yake, alichosema na namna alivyokisema, kimewafikia watu wangapi, na uwezekano wa madhara kutokea kweli. Pimeni ule wa nne. Hali iliyopo ni wizi wa jana usiku. Msemaji tuseme ni mtu ambaye vijana wanamsikiliza. Siku imetajwa, mahali pametajwa, na wa kushambuliwa wanajulikana watapita njia gani. Madhara yako umbali wa siku moja tu. Ule wa tatu una maneno mabaya zaidi, lakini haujamtuma mtu afanye jambo.

Sasa angalieni nani yuko zamu kuupima. Mwezi Julai 2022, kabla ya uchaguzi wa Kenya, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook kwa kuipelekea matangazo ya chuki ya Kiingereza na Kiswahili, yenye wito wa kubaka na kuchinja watu. Yale ya Kiswahili yalipitishwa. Baadhi ya yale ya Kiingereza yalirudishwa kwanza kwa kasoro za sarufi, na yaliposahihishwa sarufi nayo yakapita. Matangazo yaliondolewa na wenyewe kabla hayajaonekana kwa umma, na Tume ya Uwiano na Utangamano ya Kenya ikaipa Facebook siku 7 ijirekebishe. Hicho ni Kiswahili, lugha ya mamilioni, yenye magazeti, redio na kamusi. Ujumbe wetu wa nne umesemwa kwa Kiiraqw au Kidatooga, tena kwa sauti. Lugha hizo hata undugu hazina, kwani moja ni ya Kikushi na nyingine ya Kiniloti, na maandishi yake mtandaoni ambayo mtambo ungejifunzia ni haba mno.

Kisha WhatsApp ina ufunguo wake. Ujumbe unafungwa kutoka simu hadi simu, kampuni yenyewe haiusomi njiani. Inauona pale tu mmoja wa wanakundi anapobonyeza kuripoti, na hapo inapokea jumbe chache za mwisho, si mazungumzo yote. Tunaupenda ufunguo huo, maana unamlinda pia mwananchi anayemlalamikia mtendaji wa kijiji. Ila maana yake ni kwamba kwa ujumbe wa nne hakuna mlinzi wa kampuni. Yupo admini wa kundi, labda mwalimu au muuza duka, na wale wanaoielewa lugha.

Wapo wanaodai dawa ni orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku. Wakianza huku, neno la kwanza litakuwa "Mang'ati". Wadatooga, Wabarbaig wakiwemo, hawalipendi jina hilo. Walipewa na Wamasai, nalo hubeba maana ya adui. Wana haki ya kulichukia. Lakini watu wengi wa hapa hulitumia kila siku bila kinyongo, na Mdatooga anayeandika "msituite Mang'ati" naye amelitaja. Mtambo wa orodha utamfuta yeye pamoja na anayemtukana, na ule ujumbe wa mnada utaupitisha salama.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kama ilivyopitishwa, ina kasoro ambayo Bunge lingeweza kuirekebisha kwa siku moja. Kifungu cha 16, kinachohusu taarifa za uongo au za kupotosha, kiliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Kifungu cha 17, kinachohusu kusambaza maudhui ya kuchochea chuki au vurugu dhidi ya watu kwa rangi, asili au dini yao, kiliweka faini isiyopungua milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka 1. Yaani anayepotosha ana kiwango cha chini kikubwa kuliko anayetaka kabila la jirani lipigwe. Na matumizi yake yalifuata mkondo huo huo. Mwaka 2016 mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mtu kwa aliyoyaandika Facebook kumhusu Rais Magufuli, faini milioni 7 au miaka 3 jela. Mwanakijiji anayeona hivyo hujifunza kuwa hatari ni kumsema mkubwa.

Kwa Hanang hilo ni jambo zito. Kuanzia miaka ya 1970 shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba 7 ya ngano katika nyanda za Basotu, yapata ekari 100,000 za malisho ya Wabarbaig. Makaburi ya wazee wao yalilimwa. Walilalamika kwa maneno makali, wakaenda hadi mahakamani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi ambao kijiji cha Mulbadaw kilikuwa kimeupata Mahakama Kuu. Malalamiko yale yangeweza kuitwa uchochezi na mtu yeyote mwenye mhuri. Yalikuwa na hasira na yaliwataja wahusika. Hayakumwita mtu akampige mkulima aliyekaa jirani. Mpaka tunaoutetea unapita hapo hapo.

Kwa hiyo admini afanye nini na ule ujumbe wa nne? Kwanza asiufute. Apige skrinshoti inayoonyesha namba ya aliyetuma na saa, na auhifadhi ujumbe wenyewe wa sauti, kwa sababu ukishafutwa kwa wote, polisi watabaki na neno lake dhidi ya neno la mwingine. Halafu ndipo aufute, na awashe mpangilio unaoruhusu maadmini pekee kuandika hadi mnada upite. Apige simu kwa mtendaji na kituo cha polisi, akieleza mahali na saa. Hayo yote ni kazi ya dakika 10.

Bado haitoshi, na ni vizuri tuseme kwa nini. Kufuta kunaondoa nakala ya kundi lile tu. Aliyekwisha kuusambaza kwenye kundi la ukoo au la wanafunzi aliosoma nao, nakala hiyo inaendelea kutembea. WhatsApp imepunguza kasi, kwani tangu Aprili 2020 ujumbe uliopita mikono mingi unasambazwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati mmoja, lakini umbali wa boma hadi boma hauhitaji zaidi ya hapo. Kinachoufukuza ni sauti nyingine, kwa lugha ile ile, ya mtu ambaye vijana wanamjua: mzee wa ukoo au mwenyekiti wa kitongoji, akisema ng'ombe wanatafutwa na nani, na kwamba hakuna atakayeguswa mnadani. Wazee wa pande mbili wakirekodi pamoja ni bora zaidi. Baraza la kabila moja halina nguvu kwa vijana wa kabila la pili, na baadhi ya mabaraza yana tabia ya kuwanyamazisha wanawake na vijana wao wenyewe, kwa hiyo hatuyapi kazi ya kuamua nani aseme na nani asiseme. Tunayaomba sauti tu.

Ndiyo maana tunapinga pia kuzima mtandao. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini na haikurudi kwa siku kadhaa. Uvumi haukukatwa, maana unatembea hata kwa miguu na pikipiki. Kilichokatwa ni lile jibu la mzee, na simu ya ndugu anayeuliza kama njia ya mnadani ni salama.

Tunataka mambo matatu, na tunajua ni nani wa kuyafanya. Bunge lipandishe uchochezi wa chuki juu ya upotoshaji, na liondoe kabisa kifungo kwa anayemkosoa kiongozi. Meta, kampuni ya Facebook na WhatsApp, inayopata wateja hapa, iajiri wasomaji wanaojua Kiiraqw na Kidatooga kwa ajili ya yanayoripotiwa, hata kama ni wachache, na iwalipe vizuri. Na kila wilaya, Mbulu na Hanang, iweke namba moja ya simu inayopokelewa usiku na mtu anayezijua lugha hizo, ili admini aliyeshika ule ujumbe wa sauti asihangaike kuutafsiri huku saa ya mnada inakaribia.