Kiswahili Hakijakosa Nafasi Kwenye Pakiti

Likizo iliyopita nilikuwa Rungwe Mpya, wilayani Kasulu. Mama mmoja wa kikundi kinachosaga unga wa lishe alinijia na lebo mkononi. Unga wao una vitu vitatu: mahindi, soya na karanga. Lebo ilikuwa imetoka kwa mchapaji wa mjini, nayo ilikuwa ya Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho. Picha ya mtoto anayecheka ilichukua nusu ya mbele. Nyuma, katika eneo la upana wa sentimita sita hivi, kulikuwa na maelezo ya viambato, hifadhi na tarehe, ambayo yeye mwenyewe, mtengenezaji, hakuweza kuyasoma.

“Mchapaji kasema Kiswahili ni kirefu, hakitaenea,” alinieleza. “Nikasema nikuulize wewe, mwanangu, maana wanasema wewe ni daktari wa maneno.”

Makala hii ni jibu langu kwa mchapaji yule, na kwa wote wanaosema kama yeye: viwandani, maofisini, na hata katika vyumba vyetu vya mihadhara. Hoja kwamba Kiswahili hakienei kwenye pakiti si ya kweli. Kisichoenea ni Kiingereza kilichovalishwa maneno ya Kiswahili.

Tuanze na sentensi inayopatikana karibu kila pakiti ya chakula kikavu: “Store in a cool, dry place away from direct sunlight.” Ukihesabu herufi, alama na nafasi zilizo kati ya maneno, ukiacha nukta ya mwisho, unapata 52. Mfasiri wa haraka huandika hivi: “Hifadhi mahali pakavu na penye ubaridi mbali na mwanga wa jua wa moja kwa moja.” Bila nukta ya mwisho, hizo ni herufi na nafasi 78. Kwa maandishi madogo ya lebo, mstari wa sentimita tano na nusu hubeba takriban herufi 50. Hivyo Kiingereza kinamaliza mstari mmoja na kuvuka kidogo, na Kiswahili hiki kinakula mstari mmoja na nusu. Mchapaji anatazama, anatikisa kichwa, anarudisha Kiingereza.

Lakini ni nani huzungumza namna ile? Mama wa Rungwe Mpya akimwagiza binti yake aweke unga, atasema: “Weka pakavu, pasipo na joto wala jua.” Bila nukta, hizo ni 36. Zinaenea katika mstari mmoja na nafasi inabaki. Siri yake si ufundi wa mfasiri, ni sarufi ambayo lugha imekuwa nayo siku zote. Kiambishi pa- kimeshabeba maana ya mahali. Anayeandika “mahali pakavu” kwenye lebo amelitaja neno mahali mara mbili, na amelipia wino mara mbili. Kwenye insha hilo si kosa, lakini kwenye lebo ni ubadhirifu.

Tuje kwenye orodha ya vilivyomo. Wengi hutafsiri kichwa chake kwa neno “viungo.” Kwa mpishi, viungo ni bizari, iliki na mdalasini. Msomaji anaweza kutafuta hapo ladha tu, asijue kwamba ndipo pametajwa karanga inayoweza kumdhuru mtoto mwenye mzio. “Viambato” ni neno sahihi la kitaalamu, ila mitaani halijazoeleka. Kwenye lebo ya kikundi tuliandika “Vilivyomo,” neno ambalo halihitaji kamusi, na ambalo ni fupi kuliko neno la Kiingereza. Kisha tukafuata kanuni ya kimataifa ya kupanga vitu kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia: mahindi, soya, karanga. Chini yake tukaweka onyo: “Ina soya na karanga.” Hizo ni 19, ilhali Kiingereza chake, “Contains soya and groundnuts,” ni 28.

Hapa ufupi peke yake hautoshi. Nimewahi kuona onyo la Kiingereza kuhusu “nuts” likigeuzwa kuwa “karanga.” Neno lile la Kiingereza, katika maonyo ya mzio, hukusudia korosho, lozi na jamii yake, wakati karanga hutajwa peke yake. Mtu asiyeweza kula korosho ataisoma lebo hiyo na kujiona salama. Dawa yake ni kuvitaja vitu vyenyewe kwa majina. Kiswahili hakina neno moja la jumla lililozoeleka kwa jamii hiyo, na hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kulazimisha neno lisilohusika kwa sababu tu linaenea.

Sasa tarehe, ambako hatari ni kubwa zaidi. Katika kanuni za Kodeksi, yaani viwango vya chakula vya kimataifa, kuna tarehe mbili zenye maana tofauti. Ya kwanza huhusu ubora: baada ya siku hiyo chakula kinaweza kupoteza ladha au harufu yake nzuri, lakini si lazima kiwe kimegeuka kuwa hatari. Ya pili huhusu usalama: baada ya siku hiyo kisiuzwe wala kisiliwe. Kiingereza huzitofautisha kwa “best before” na “use by.” Sisi tumezitia zote katika kapu moja la “kuisha muda,” au tumeandika “Bora kabla ya,” maneno ambayo kwa Kiswahili hayasemi chochote. Nilimwonyesha yule mama maneno hayo. Akafikiri kidogo, kisha akauliza: “Yaani kabla ya tarehe hiyo bado hakijawa bora, au?”

Pendekezo langu ni maneno mawili kwa kila tarehe. Ya ubora iandikwe “Ubora hadi,” na ya usalama iandikwe “Tumia hadi.” Kila moja ni herufi tisa na nafasi moja. “Best before” ni kumi na moja kwa hesabu hiyo hiyo. Nimekusudia kutumia “hadi” badala ya “kabla ya,” kwa sababu “Tumia kabla ya tarehe 12” humfukuza msomaji siku ya 11, ilhali siku ya 12 yenyewe bado imo. Na atakayeniletea “Tarehe ya mwisho wa matumizi ya bidhaa,” yenye 38, namwambia kwamba hiyo ni lugha ya waraka wa ofisi. Pakiti haina mahali pa kuugongea mhuri.

Bado kuna tarehe yenyewe. Pakiti yenye 05/06/25 inasomwa na mmoja kuwa Juni tano na mwingine kuwa Mei sita. Kodeksi huruhusu mwezi uandikwe kwa herufi, na miezi yetu hukatika vizuri kwa herufi tatu: JAN, FEB, MAC, APR, MEI, JUN, JUL, AGO, SEP, OKT, NOV, DES. Maneno “Ubora hadi” yachapwe pamoja na lebo, na mashine au muhuri wa mkono uongeze “05 JUN 25” tu. Hakuna mtambo mpya unaohitajika.

Kwa nini nalikazania jambo hili kwa unga wa akina mama wachache? Kwa sababu unga huu una karanga, na mafuta ya karanga huharibika yakikaa kwenye joto. Kubwa kuliko hilo ni unyevu. Mvua za nyanda za Kigoma ni za miezi mingi, na unga uliowekwa kwenye sakafu ya udongo hufyonza maji. Kwenye unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu wa mahindi na karanga hutoa sumukuvu. Kupika uji kwa kawaida hakuiondoi sumu hiyo. Lebo haiwezi kuuokoa unga uliosagwa kutoka kwa nafaka iliyokwisha kuchafuka, na asiwepo wa kuidai hivyo. Lakini neno “pakavu” ndilo kinga pekee ambayo mtengenezaji anaweza kuituma hadi nyumbani kwa mnunuzi, na sisi tumeliandika kwa lugha asiyoisoma.

Watetezi wa Kiingereza wana hoja moja ninayoiheshimu. Kanuni zetu zinaruhusu lebo iwe ya Kiswahili au Kiingereza, na kiwanda kinachouza Dar es Salaam, Kampala na Bujumbura kinataka pakiti moja kwa soko lote. Sawa. Lakini Kodeksi hiyo hiyo inaruhusu lebo ya nyongeza pale lugha ya kwanza isipomfaa mnunuzi, mradi maelezo yake yalingane kikamilifu na ya awali. Ibandikwe basi, kwa gundi isiyobanduka, pasipofunika tarehe. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake namba 1169 ya mwaka 2011, unadai maelezo ya lazima ya chakula yawe katika lugha inayoeleweka kwa urahisi na walaji wa nchi husika. Mkulima wa Ureno hasomeshwi Kiingereza ili ajue maziwa yake yameharibika. Wa Kasulu anasomeshwa kwa sababu gani?

Tena, eneo lenyewe huwa lipo. Kodeksi husamehe baadhi ya maelezo kwa pakiti ndogo sana, ambazo upande wake mkubwa haufiki sentimita 10 za mraba, yaani kama mbili na nusu kwa nne. Pakiti ya unga ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Nafasi haikukosekana. Ilitolewa kwa picha ya mtoto anayecheka na kwa sifa tatu zinazorudiwa mbele na nyuma.

Kwa watumishi wa Shirika la Viwango, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula nchini, ombi langu ni dogo. Sidai pakiti nzima iwe ya Kiswahili. Nadai mambo matatu yasiruhusiwe kukosa Kiswahili: onyo la mzio, namna ya kuhifadhi, na tarehe pamoja na maana yake. Kwa BAKITA, toeni orodha fupi ya maneno hayo, yenye hesabu ya herufi kando ya kila moja, ili mchapaji asipate pa kujifichia.

Na kwenu wanafunzi wangu mtakaopewa kazi hizi: msimuulize msomaji kama ameelewa, kwa maana atawajibu ndiyo kwa adabu. Mpeni pakiti, kisha mwulizeni siku ya mwisho ambayo uji wake bado utakuwa na ubora ulioahidiwa, na mahali atakapouweka unga usiku wa leo. Akikosea, lebo ndiyo iliyokosea.

Lebo ya kikundi tuliimaliza jioni ile, juu ya gunia la mahindi. Ilienea katika mistari minne. Yule mama aliisoma yote kwa sauti, akafika mwisho, akaniambia, “Kumbe ni hivi tu?” Ndiyo, mama. Ni hivi tu.