Samahani na Hesabu Yake
Juma hili, katika ghorofa moja ya Newtown, Birmingham, jirani yangu, bibi wa Kimvita, alinipa nimsomee barua ya kampuni ya gesi iliyomtaka radhi kwa ankara iliyozidi. Nami, niliyezoea barua zenye samahani nyingi na hesabu haba, nilistaajabu kuikuta sababu imebainishwa: kwamba mita yake, ambayo usoni imeandikwa m³, walikuwa wakiihesabu kama zile za kale zipimazo futi za ujazo mia mia, hata kila kipimo kikazidishwa mara 2.83, na gesi ya pauni 100, mbali na ada ya kila siku, ikatozwa pauni 283. Pauni 183 zitamrudia, na 30 zaidi ni fidia ya usumbufu. Lakini mwishoni karani ameyajumlisha mafungu yote mawili, akayaita hidaya ya pauni 213, na hapo, kwa rai yangu, ameiharibu barua njema, kwani arudishaye amana hajatoa sadaka. Bibi aliikunja karatasi, akaniuliza kama mita imekwisha sahihishwa daftarini mwao, jambo ambalo barua haikulisema.