Kabla ya Kuchagua Taaluma ya Afya

Kijana wa Tanzania aliyefaulu biolojia, kemia na fizikia huonyeshwa njia mbili tu, udaktari na uuguzi, na akizikosa huelekezwa maabara au famasi kana kwamba huko ni makazi ya walioshindwa. Wengine hulinganisha fani kwa mishahara, nayo hubadilika kila bajeti. Kipimo kilicho bora ni kuuliza kila fani imewekwa kuzuia kosa gani, kwa maana kosa hilo ndilo atakaloliwaza kila siku ya kazi.

Na lichukuliwe tukio lililozoeleka: dereva wa bodaboda aliyevunjika mfupa wa paja analetwa hospitali akiwa amepoteza damu nyingi. Mtaalamu wa radiografia, yaani fani ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa mionzi, hatosheki na picha moja, kwa kuwa mvunjiko ulio dhahiri ukitazamwa kwa ubavu waweza usionekane kabisa kwa mbele. Hupiga picha mbili zinazokatana kwa pembe ya nyuzi 90, na huhakikisha kwamba nyonga na goti vyote vimeingia, kwa sababu mara nyingine shingo ya mfupa huo huwa na ufa mwembamba ambao macho yote huupita yakishaona mvunjiko mkubwa ulio chini yake. Kazi hii humfaa apendaye fizikia na awezaye kumgeuza mgonjwa mwenye maumivu kwa upole. Wazazi huiogopa mionzi, lakini mpigaji picha husimama nyuma ya kizuizi chenye madini ya risasi. Ama dosimeta anayoivaa kifuani haimkingi, bali hupima tu mionzi iliyomfikia.

Wakati huohuo maabara huulizwa damu ipi imfae majeruhi. Mteknolojia wa maabara hupima kundi la damu, kisha huchanganya majimaji ya damu ya mgonjwa na chembe nyekundu za mchangiaji ili aone kama zitagandamana. Hata hivyo, kosa linaloua mara nyingi haliko kwenye kipimo, bali kwenye chupa iliyobandikwa jina la mgonjwa mwingine, na ndiyo sababu mteknolojia mwadilifu huikataa sampuli yenye jina lenye shaka hata anapokaripiwa kwamba mgonjwa yu hatarini. Vivyo hivyo, damu iliyovutwa kwa nguvu hupasua chembe zake, na potasiamu iliyokuwa ndani humwagika, jibu likatoka juu kupita ukweli. Dalili yake ni majimaji kuwa mekundu badala ya manjano baada ya sampuli kuzungushwa kwenye mashine. Asiyeweza kusema “hapana” mbele ya mkubwa wake asiende maabara.

Mfamasia huzuia kosa lililokwisha kuandikwa. Diklofenaki, dawa ya maumivu iliyozoeleka mno, yaweza kuziumiza figo za mtu aliyepoteza damu nyingi, na mfamasia anayeisoma karatasi ya dawa pamoja na hali ya mgonjwa humpigia daktari simu kabla ya kuitoa. Shahada yake huchukua miaka 4, kisha mafunzo ya vitendo, na ni fani inayofungua mlango wa biashara. Lakini asidhani mtu kwamba kuuza katika duka la dawa muhimu, kazi inayofunzwa kwa muda mfupi, ndio ufamasia.

Fiziotherapia, yaani kurejesha mwendo na nguvu za viungo kwa mazoezi na mikono, ndiyo isiyojulikana sana, na labda ndiyo ngumu kuliko zote. Baada ya mfupa kuungwa kwa chuma, goti la dereva yule hukakamaa lisipokunjwa mapema, naye hukataa kulikunja kwa sababu linauma. Mtaalamu hupima pembe ya goti kila ziara, humfundisha kutumia magongo, na humwongezea uzito mguuni kwa kadiri daktari wa mifupa alivyoruhusu. Kosa lake halionekani siku moja: mgonjwa huacha kuja kwa kukosa nauli, na miezi baadaye hawezi kuchuchumaa. Hivyo kijana mwenye haraka ya kuona matunda na asiipende fani hii, na mwenye subira ajue kwamba vyuo vyake ni vichache, kikiwemo cha KCMC mjini Moshi.

Aliyemaliza kidato cha nne huanza kwa stashahada, ambayo kwa kawaida ni miaka 3, na wa kidato cha sita aweza kwenda moja kwa moja kwenye shahada. Kabla ya kulipa ada, mzazi na aulize mambo mawili: kama chuo cha stashahada kimesajiliwa na NACTVET, na kama cheti chake hukubaliwa na baraza la taaluma husika, kwa kuwa mhitimu aliyenyimwa leseni na baraza hilo haruhusiwi kumhudumia mgonjwa hata akiwa na alama nzuri.