Wakala ana Sh3 milioni, kwa nini anakwambia 'keshi hamna'?

Singida. Msimu wa alizeti ukifika, jibu linalowaudhi wengi kwenye vibanda vya uwakala mkoani Singida ni la maneno mawili tu: "Keshi hamna." Mteja anatazama simu yake, hela imeingia. Anatazama kibanda, kipo wazi. Haraka haraka anahisi wakala amefilisika, au anamzungusha tu.

Mara nyingi si hivyo. Mtaji wa wakala huyo upo wote, haujapungua hata shilingi. Shida ni kwamba umehamia upande ambao mteja wa wakati huo hauhitaji.

Mtaji mmoja, mifuko miwili

Mtaji wa wakala unakaa sehemu mbili: keshi iliyoko kwenye droo na floti iliyoko kwenye laini ya uwakala. Floti si mkopo kutoka mtandao wa simu. Wakala ameinunua kwa hela yake mwenyewe, na kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 pamoja na kanuni zake, fedha za kwenye simu lazima ziwe na fedha halisi zilizowekwa benki.

Mteja akija kuweka hela, wakala anapokea noti na kumtumia salio. Keshi inapanda, floti inashuka. Mteja akija kutoa, mambo yanageuka: floti inapanda, keshi inashuka. Jumla haibadiliki. Kinachobadilika ni mgawanyo wake.

Ndiyo maana siku nzuri kwa wakala si lazima iwe siku ya wateja wengi. Ni siku ambayo wanaoweka na wanaotoa wanapishana. Noti aliyoleta bodaboda asubuhi anapewa mama anayetoa hela mchana, na floti iliyorudi kwa mama huyo inamhudumia mwenye duka jioni. Wakala hahitaji kwenda popote.

Wote wakija na shida moja, kibanda kinakwama.

Siku moja ya mnada, kwa hesabu

Hesabu ifuatayo ni ya mfano. Chukua kibanda katika kituo kidogo cha biashara kando ya barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, kama vile Misigiri au Shelui wilayani Iramba. Wakala ana mtaji wa Sh3 milioni. Anafungua na keshi Sh1.2 milioni. Iliyobaki ni floti: Sh900,000 kwenye M-Pesa, Sh500,000 kwenye Mixx by Yas (iliyokuwa Tigo Pesa) na Sh400,000 kwenye Airtel Money.

Saa 1 hadi saa 4 asubuhi, wanaokuja ni wenye maduka na bodaboda wanaoweka mauzo ya jana. Wanaweka jumla ya Sh600,000: M-Pesa Sh350,000, Mixx Sh150,000 na Airtel Sh100,000. Sasa keshi imefika Sh1.8 milioni na floti zote kwa pamoja ni Sh1.2 milioni. Droo imejaa, wakala anajiona yuko vizuri kwa mnada.

Saa 5, mnunuzi wa alizeti anafika. Bosi wake amemtumia hela kwenye simu, lakini baadhi ya wakulima wanataka noti mkononi. Anatoa Sh800,000 kwa mkupuo mmoja, kupitia M-Pesa. Nyuma yake wanakuja wakulima waliolipwa kwa simu, nao wanatoa Sh700,000: M-Pesa Sh400,000, Mixx Sh200,000 na Airtel Sh100,000.

Ikifika saa 7 mchana, keshi ni Sh300,000 tu. Floti imepanda hadi Sh2.7 milioni, na Sh1.75 milioni kati ya hizo ziko M-Pesa. Anakuja mzee anayetaka kutoa Sh450,000 kwenye Mixx. Wakala ana Sh3 milioni zake kamili, na hawezi kumhudumia.

Anaweza kumwambia achukue Sh300,000 sasa na nyingine baadaye. Ila makato ya kutoa hupangwa kwa viwango, na mara nyingi kutoa mara mbili humgharimu mteja zaidi ya kutoa mara moja. Mzee atavuka barabara kwenda kibanda kingine, na kamisheni itaenda naye.

Kosa lilitokea saa 5, siyo saa 7

Wakala mzoefu hasubiri droo iishe. Anajiwekea mstari, tuseme Sh600,000 siku ya mnada, na keshi ikikaribia hapo anaanza kutafuta nyingine. Muamala wa Sh800,000 wa yule mnunuzi ulikuwa kengele. Umeondoa karibu nusu ya droo kwa mtu mmoja, na hela hiyo haitarudi kibandani leo, kwa sababu inaenda mifukoni mwa wakulima.

Njia ya kwanza inayokuja akilini ni benki. Anahamisha floti kwenda akaunti yake, kisha anachukua noti tawini. Kuhamisha kunafanyika kwa simu. Noti ndizo zenye kazi, kwa sababu lazima zisafirishwe. Kwa kituo cha vijijini, hiyo ni safari ya kwenda mji wa wilaya au Singida mjini, nauli, foleni, na kurudi na mfuko wa hela barabarani. Muda huo kibanda kimefungwa, au kimeachwa kwa mtu mwingine. Kwa wakala mkuu, anayeuza na kununua floti, nako ni safari kama hakai jirani.

Njia ya karibu zaidi ni kumtafuta mtu mwenye shida ya kinyume. Kila mnada una mmoja: mwenye duka la jumla. Yeye siku hiyo anauza sukari, sabuni na mafuta, anakusanya noti, halafu anatakiwa kuwalipa wauzaji wake walioko mjini. Noti kwake ni mzigo, salio ndilo analohitaji.

Wakala anamfuata saa 6, kabla droo haijaisha. Mwenye duka anampa Sh900,000 taslimu, naye anamwekea kwenye M-Pesa. Ni muamala wa kawaida wa kuweka hela, hauna ujanja wowote. Sasa turudi saa 7: badala ya Sh300,000, keshi ni Sh1.2 milioni na M-Pesa imeshuka hadi Sh850,000. Mzee anatoa Sh450,000 zake. Keshi inabaki Sh750,000, na Mixx inapanda kutoka Sh550,000 hadi Sh1 milioni.

Floti nayo si moja

Saa 10 jioni upepo unageuka. Waliouza mifugo hawataki kulala na hela ndani, wanakuja kuweka. Mmoja anataka kuweka Sh500,000 kwenye Airtel Money. Wakala ana floti Sh2.25 milioni, lakini ya Airtel ni Sh400,000 tu.

Hapa wateja wengi huchanganyikiwa. Mteja wa kawaida leo anaweza kutuma hela kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Laini za wakala, kwa upande wake, ni sawa na droo tofauti. Floti ya M-Pesa haiwezi kumwekea mtu hela kwenye Airtel Money.

Suluhisho la kila siku ni wakala wa jirani. Huyu ana Airtel ya kutosha ila amepungukiwa M-Pesa. Wanabadilishana Sh200,000 kila mmoja kwenye mtandao anaouhitaji, na noti hazihusiki kabisa. Airtel inafika Sh600,000, mteja anawekewa Sh500,000, na keshi inapanda hadi Sh1.25 milioni. Mtu ambaye asubuhi alionekana mshindani, jioni amekuwa benki.

Mpango huu unasimama juu ya uaminifu, na una sharti moja: kila upande uone salio limeingia kabla ya kuachana. "Nitumie kwanza, mimi nakurushia baadaye" ndiyo njia ya floti kupotea.

Jumla ndiyo inayosema ukweli

Usiku, kabla ya kufunga, wakala anajumlisha: keshi Sh1.25 milioni, M-Pesa Sh650,000, Mixx Sh1 milioni, Airtel Sh100,000. Jibu ni Sh3 milioni, sawa na asubuhi. Kamisheni huhesabiwa kando.

Jibu likiwa Sh2.95 milioni, kuna Sh50,000 imetoka bila kuacha nyingine nyuma yake, na sababu huwa ni chache. Huenda amehesabu noti vibaya. Huenda alituma salio kwa namba isiyo sahihi. Huenda alimwekea mtu anayemfahamu kwa ahadi ya kuleta noti jioni, na jioni hakuja. Huenda alichota kwenye droo kununua mahitaji ya nyumbani au bidhaa za duka, akasahau kuandika.

Au alitapeliwa. Mtu anajifanya anatoa hela, ujumbe unaofanana na wa mtandao unaingia, wakala anatoa noti. Ujumbe ni feki, floti haikupanda. Ndiyo maana ushahidi wa muamala wa kutoa ni salio la laini ya wakala likiwa limeongezeka. Maneno ya ujumbe peke yake hayatoshi. Anayeangalia salio kwanza anamkamata tapeli papo hapo. Anayetegemea ujumbe anagundua usiku, kama anahesabu. Asiyehesabu anakuja kugundua baada ya wiki, na hapo hajui tena siku wala mteja.

Kesho haifunguliwi kama leo

Mgawanyo aliofunga nao usiku si lazima uwe ndio wa kufungulia. Kesho hakuna mnada, kwa hiyo Sh1.25 milioni za keshi ni nyingi kukaa kibandani, na Airtel ya Sh100,000 itakwama kwa mteja wa kwanza au wa pili. Kazi yake ya asubuhi ni kupunguza noti na kujaza Airtel.

Msimu nao unageuza kila kitu. Alizeti inapouzwa, kuanzia katikati ya mwaka, Singida inatoa: keshi ndiyo inayoisha. Ikifika Januari, wazazi wanatuma ada na matumizi kwa watoto walioko mbali, na kinachoisha ni floti. Wakala anayepanga mgawanyo uleule mwaka mzima atakwama mara mbili kwa mwaka.

Kwa mteja, funzo ni dogo lakini linaokoa makato na safari. Kama unataka kutoa kiasi kikubwa siku ya mnada, mpigie wakala mapema na umwambie kiasi na mtandao. Saa mbili zinamtosha kumfuata mwenye duka. Dakika tano hazimtoshi.